"Apumzike kitandani": kisa cha wiki nane kabla ya likizo ya uzazi

Barua ilinifikia Ijumaa mchana, imekunjwa mara nne na kusokotwa ndani ya kadi ya kliniki. Aliyeileta alikuwa mume wa mfanyakazi wetu, na hata kiti hakukitaka. "Dada, nimeambiwa nikukabidhi wewe mwenyewe mkononi," akasema, kisha akarudi wodini kumchukua mkewe. Nikaifungua. Ilikuwa na sentensi mbili tu: "Mtajwa hapo juu ana ujauzito wenye matatizo. Apewe mapumziko ya kitandani hadi atakapojifungua." Chini kulikuwa na muhuri uliovuja wino upande mmoja na saini ambayo jina lake halisomeki.

Mimi ni afisa rasilimali watu, na barua za namna hiyo nimezipokea nyingi. Nikaiweka kwenye faili nikijua kwamba kesi imekwisha: daktari kasema apumzike, basi atapumzika. Ilinichukua siku tisa na mabishano matatu kuelewa kwamba barua ile, japo ilikuwa ya kweli kabisa, ilikuwa haijajibu hata swali moja ambalo mwajiri anapaswa kulijibu. Kisa hiki nakieleza kwa ruhusa ya mhusika, ambaye nitamwita mama kijacho tu.

Alikuwa mtunza ghala. Nusu ya siku yake hukaa mezani na vitabu vya bidhaa, nusu nyingine yuko kati ya rafu, anahesabu, anapanda ngazi, anasogeza makasha. Alipofikisha wiki 20 alipigwa picha ya altrasaundi na kuambiwa kwamba kondo la nyuma limekaa chini, limefunika mlango wa kizazi. Hilo kwa wiki 20 si la kutisha sana. Kizazi kinapotanuka kuelekea juu, kondo nalo huonekana kupanda, na akina mama wengi wanaoambiwa hivyo mapema hukuta limeshasogea wakipimwa tena karibu na wiki ya 32. Aliniletea taarifa, tukakubaliana asipande ngazi wala asinyanyue kasha, na kijana mmoja wa ghalani akapewa sehemu hiyo ya kazi. Mpaka hapo mambo yalikwenda vizuri, wala hakuna aliyehitaji likizo.

Jumanne aliyotimiza wiki 28 akaona damu. Nyekundu ya kung'aa, bila maumivu yoyote, na hiyo ndiyo sura yake hasa damu ya kondo lililo chini. Alilazwa siku tatu, akachomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto iwapo angelazimika kuzaliwa mapema, damu ikakatika, akaruhusiwa Ijumaa. Ndipo ikaja ile barua.

Sasa tazama kalenda, maana mgogoro wote ulitokea humo. Mkataba wa kazi ulimpa wiki 14 za likizo ya uzazi kwa malipo kamili, zikianza wiki nne kabla ya tarehe ya matazamio, yaani akiwa na wiki 36. Alikuwa na wiki 28. Katikati kulikuwa na pengo la wiki nane, na swali lilikuwa moja: wiki nane hizo zinaitwaje?

Meneja wake hakuwa mtu mbaya, na nasema hivyo makusudi kwa sababu masimulizi ya namna hii huwa yanahitaji mtu mbaya. Alikuwa na ghala lisilo na mtunza, na hesabu za mwezi zilikuwa zinakaribia. Alinipa njia tatu kwa mpigo. Kwanza, atumie likizo ya mwaka, ambayo alikuwa amebakiza siku 12. Zikiisha, achukue likizo bila malipo. Au, kwa maneno yake, "kama mimba ndiyo inayomweka nyumbani, si aanze tu likizo ya uzazi sasa hivi? Tofauti iko wapi?"

Hiyo ya tatu ndiyo niliyokaribia kuikubali. Ilionekana safi: likizo ya uzazi inahusu uzazi, yeye ana tatizo la uzazi, malipo ni kamili, na hakuna wa kulalamika. Nilikuwa nimeanza kuandaa fomu, na nikachukua karatasi kuhesabu tarehe ya kurudi kazini ili niijaze. Kama likizo ingeanza Jumanne iliyofuata, akiwa na wiki 29, wiki 14 zingeishia pale ambapo ujauzito ungekuwa na wiki 43. Daktari alikuwa amekwisha kumdokeza kwamba kondo lisiposogea atazaa kwa upasuaji karibu na wiki ya 37. Toa 37 katika 43, zinabaki sita. Wiki sita za kuwa na mtoto, na mshono wa tumbo juu yake, kisha arudi kupanga makasha. Mtoto angesubiriwa hadi wiki ya 40, zingebaki tatu. Kwa likizo iliyoanza wiki ya 36 kama mkataba unavyosema, akizaa wiki ya 37 angekuwa na wiki 13 baada ya kujifungua. Meneja aliuliza tofauti iko wapi. Iko hapo: wiki saba za kunyonyesha na kupona, zinazohamishwa kutoka baada ya uzazi kwenda kabla yake, bila mtu yeyote kutamka kwamba zimehamishwa.

Likizo ya uzazi na likizo ya tatizo la ujauzito ni vitu viwili, hata kama mtu ni mmoja na tumbo ni moja. Shirika la Kazi Duniani lilivitenganisha katika Mkataba namba 183 wa mwaka 2000. Kifungu cha 4 kinampa mwanamke likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, na ndani yake wiki sita za lazima baada ya kujifungua. Kifungu cha 5 kinasimama peke yake: akileta cheti cha daktari, apewe likizo kabla au baada ya kipindi cha likizo ya uzazi endapo kuna ugonjwa, matatizo, au hata hatari ya matatizo yanayotokana na ujauzito au kujifungua. Neno "hatari" hapo ni zito. Halimtaki mama aendelee kuvuja damu ndipo apewe siku. Kifungu hichohicho kinaziachia sheria za nchi kupanga aina na ukomo wa likizo hiyo, na mkataba wenyewe huzifunga nchi zilizouridhia tu, kwa hiyo si kila mtu anaweza kuubeba mkononi na kudai. Lakini mantiki yake inatosha kumwonyesha mwajiri kwamba likizo ya uzazi haikutungwa ili izibe pengo hili.

Nchi nazo hulipanga pengo hilo kila moja kivyake. Ufaransa ina kipindi maalumu cha siku zisizozidi 14 anazoweza kuandika daktari kabla ya likizo ya uzazi kuanza. Uingereza, mama akiumwa kwa sababu ya ujauzito huhesabiwa kuwa yuko kwenye likizo ya ugonjwa, lakini akikosa kazi kwa sababu hiyo ndani ya wiki nne za mwisho kabla ya wiki ya matazamio, likizo ya uzazi hujianza yenyewe. Kwingine sheria huruhusu likizo ya uzazi ianze mapema daktari akithibitisha kwamba ni lazima, na hapo ndipo waajiri wengi huchanganya: ruhusa aliyopewa mama huisoma kama amri waliyopewa wao. Kuruhusiwa kuanza mapema si kulazimishwa, hasa pale ambapo ana siku za ugonjwa ambazo hajazigusa.

Na alikuwa nazo. Mkataba wetu ulitoa wiki sita za ugonjwa kwa mshahara kamili kila mwaka, kisha wiki sita kwa nusu mshahara. Alikuwa ametumia wiki moja mwanzoni mwa ujauzito, kipindi cha kutapika. Zilibaki wiki tano kamili, na baada yake nusu. Zingetosha kufika wiki ya 36.

Jumatatu nikaenda kwa meneja na hesabu yangu. Akaisikiliza, akakubali sehemu ya wiki sita, kisha akatoa simu na kunionyesha kitu nisichokitarajia. Alikuwa amesoma. Alikuwa amekuta makala za kitabibu zinazosema kwamba kumlaza mama mjamzito kitandani hakuzuii mtoto kuzaliwa njiti. "Daktari wenu kaandika dawa isiyofanya kazi," akasema. "Kwa nini niilipie?"

Tatizo ni kwamba kuhusu kitanda alikuwa na haki. Kwa miaka mingi "kulala kitandani" kuliandikwa kwa kila tatizo la ujauzito, kuanzia shinikizo la damu hadi mapacha. Tafiti zilipofanywa hazikuonyesha kwamba kunazuia uchungu wa mapema, na kulala muda mrefu kuna madhara yake: damu huganda kwenye mishipa ya miguu kwa urahisi zaidi wakati wa ujauzito kuliko wakati mwingine, misuli hulegea, mifupa hupungua nguvu, na mtu hukaa akitazama dari siku nzima na wasiwasi wake. Siku hizi madaktari wa uzazi hushauriwa wasiandike hivyo kwa mazoea. Kwa hiyo neno moja katika barua, "kitandani", lilikuwa limemkabidhi meneja hoja ya kitabibu ambayo mimi nisingeweza kuipinga.

Lakini mama huyu hakuwa anahitaji kitanda. Niligundua hilo nilipompigia yeye mwenyewe jioni ile. Nikamuuliza, daktari alikwambia ufanye nini hasa? Akacheka kidogo. "Dada, hakuniambia nilale. Alisema nisinyanyue vitu, nisisimame sana, tusikutane na baba watoto, na nisiende mahali ambapo damu ikianza nitachukua zaidi ya nusu saa kufika hospitali. Na kila mtu anayetaka kunipima huko chini nimwambie kwanza kwamba kondo liko chini." Hayo yote hayamo kwenye barua. Yalikuwa mdomoni mwa daktari na kichwani mwa mgonjwa, na kwenye karatasi yalikuwa yamegandishwa kuwa maneno matatu ya kimazoea.

Ghala letu liko zaidi ya saa moja na nusu kutoka hospitali anayohudhuria. Hiyo peke yake ilikuwa hoja yenye nguvu kuliko kitanda. Anayetokwa damu ya kondo la chini anaweza kutokwa kidogo leo na kesho akamwaga kiasi cha kuhatarisha maisha yake na ya mtoto, bila dalili ya kutangulia. Cha kujiuliza ni kama akianza kumwaga atakuwa wapi. Akilala au akikaa kwenye kochi, hilo ni jambo dogo.

Tukaomba barua ya pili. Hapa nitaeleza kwa kituo, kwa sababu ndipo kazi yenyewe ilipofanyika. Sikumwandikia daktari nikimuuliza ana ugonjwa gani. Hilo si langu kuuliza, na jibu lake lisingenisaidia kuamua chochote. Niliandika nusu ukurasa nikieleza kazi yake: saa ngapi anasimama, uzito wa makasha, urefu wa ngazi, muda wa safari kwenda na kurudi, na kwamba kuna kazi ya mezani ya saa nne kwa siku tunayoweza kumpa. Kisha nikauliza mambo manne. Je, anafaa kufanya kazi hii kama ilivyo? Je, anafaa kufanya ile ya mezani, hapa ghalani au akiwa nyumbani? Kama hafai, ni kuanzia tarehe gani hadi tarehe gani? Na atapimwa tena lini ili jambo hili liangaliwe upya? Mama kijacho aliisoma kwanza, akaridhia, na ni yeye aliyeipeleka, si mimi. Daktari hapaswi kuzungumza na mwajiri nyuma ya mgongo wa mgonjwa.

Jibu lilirudi baada ya siku mbili, limechapwa, likiwa na jina, namba ya usajili wa daktari na muhuri unaosomeka. Nalinukuu kwa ufupi: kutokana na tatizo la ujauzito hafai kwa kazi yake ya kawaida wala kwa kazi yoyote inayomlazimu kusafiri kwenda ghalani, kuanzia Jumanne aliyolazwa hadi siku ya kipimo cha wiki 32, ambapo hali itaangaliwa upya, akae karibu na hospitali na aweze kufika haraka wakati wowote. Neno kitanda halimo. Jina la ugonjwa halimo. Meneja alilisoma mara mbili akanirudishia. Hakuwa na cha kusema kwa sababu hakukuwa tena na dawa ya kubishia. Kulikuwa na mtu asiyefaa kwa kazi, kati ya tarehe mbili.

Angalia pia kwamba barua ya pili iliomba muda mfupi kuliko ya kwanza. Ya kwanza ilisema "hadi atakapojifungua", ambayo ingeweza kuwa wiki tisa au kumi na mbili, hakuna ajuaye. Ya pili ilisema wiki nne, na kipimo. Watu huogopa kuomba muda mfupi wakidhani watanyimwa nyongeza. Kwa ninavyoona, muda usio na mwisho ndio unaozua mabishano, kwa sababu mwajiri hawezi kuupangia mtu wa kushika zamu, na kondo linalopanda lenyewe wiki ya 32 lingeifanya ile barua ya kwanza ionekane ya uongo.

Kazi ya nyumbani ilibaki kiporo. Daktari aliandika kwamba kazi nyepesi ya kukaa kwa saa mbili hivi haina madhara ya moja kwa moja, kwa hiari ya mgonjwa. Meneja akaona mlango: ampelekee kompyuta mpakato, afanye hesabu za bidhaa. Kusema kweli lilikuwa wazo la haki, na kwa tatizo jingine ningelikubali. Nililikataa kwa sababu ya namna lilivyoletwa, yaani awe kwenye likizo ya ugonjwa na huku "anasaidia kidogo". Mtu aliye kwenye siku za ugonjwa hafanyi kazi. Akifanya saa mbili alipwe saa mbili, na siku zake za ugonjwa zisikatwe kwa siku nzima, na iandikwe. Vinginevyo saa mbili huwa nne, na siku akilazwa tena mtu atauliza ilikuwaje aweze kutuma majedwali usiku wa manane. Meneja hakutaka kuandika. Basi likaishia hapo.

Siku zile tisa za kwanza ziliacha madoa mawili. Mfumo wa mahudhurio una alama tatu tu za kutokuwepo: likizo, ugonjwa, na utoro. Kwa kuwa sikuwa nimeingiza chochote, kuanzia Jumanne aliyolazwa mfumo ulimwandika mtoro, na mtu aliyekuwa amelala na sindano mkononi akakatwa mshahara wa siku hizo. Tulirekebisha, lakini pesa ilirudi mwezi uliofuata. Tangu hapo siku ya kwanza tu naingiza "ugonjwa, cheti kinasubiriwa", hata kama sina karatasi.

La pili linaniuma zaidi. Barua ya kwanza, kabla sijaipokea mimi, ilipigwa picha pale mapokezi na kutumwa kwenye kundi la simu la wasimamizi, na mtu akaandika chini yake kwamba "mimba si ugonjwa". Aliyefanya hivyo alidhani anatoa taarifa ya zamu. Mama kijacho alizipata habari hizo akiwa bado wodini. Kama barua ile ingekuwa imetaja ugonjwa kwa jina, wasimamizi kumi na mmoja wangejua hali ya kizazi chake kabla ya mama yake mzazi. Ndiyo maana sasa nawaambia akina mama: msimamizi anahitaji tarehe, afisa wa rasilimali watu anahitaji cheti, na hakuna kati yao anayehitaji picha ya altrasaundi.

Wiki ya 32 akapimwa. Kondo lilikuwa palepale. Cheti kikaongezwa hadi wiki ya 36, na upasuaji ukapangwa wiki ya 37. Kabla ya hapo, karibu na wiki ya 31, barua ya onyo ilikuwa imefika nyumbani kwake. Hakuna mtu aliyeiandika. Mfumo huchapa wenyewe mfanyakazi akifikisha siku 20 za ugonjwa ndani ya miezi sita, na yeye, pamoja na zile tano za kutapika, alikuwa amezifikisha. Ilimtaka "aboreshe mahudhurio yake". Nilikwenda kuiondoa kwenye faili siku hiyohiyo, na nikaandika kwa menejimenti kwamba siku zinazotokana na ujauzito zisihesabiwe kwenye maonyo. Kifungu cha 8 cha mkataba ule wa 183 kinakataza kumwachisha mtu kazi wakati wa ujauzito au akiwa kwenye likizo hizi, isipokuwa kwa sababu isiyohusiana na ujauzito, na mzigo wa kuthibitisha hilo ni wa mwajiri. Mwaka 1998 Mahakama ya Haki ya Ulaya nayo iliamua kwamba kumwachisha mwanamke kazi wakati wowote wa ujauzito wake kwa sababu ya siku alizokosa kwa maradhi ya ujauzito huo ni ubaguzi wa kijinsia, hata kama mkataba una kanuni ya kuwaachisha wote, wanaume kwa wanawake, wakikosa kazi kwa wiki kadhaa mfululizo. Onyo moja halimfukuzi mtu. Lakini maonyo hupangwa kama ngazi, na ngazi hii ilikuwa inapandwa na kompyuta.

Wiki ya 35 na siku tatu damu ikarudi, safari hii nyingi. Alifika hospitali ndani ya dakika ishirini, akafanyiwa upasuaji alfajiri. Mama akaongezewa damu, mtoto akaenda kwenye chumba cha njiti kwa siku kumi na sita. Wote wazima.

Siku aliyojifungua, likizo ya ugonjwa ilikoma na ya uzazi ikaanza, bila kusubiri wiki ya 36. Hesabu ya mwisho ilikuwa hivi: wiki saba na siku tatu za ugonjwa, tano kwa mshahara kamili na zilizobaki kwa nusu, kisha wiki zote 14 za uzazi, zote mbele ya mtoto aliyezaliwa. Ningejaza ile fomu niliyokuwa nimeianza, angebakiwa na wiki saba na siku nne, na zaidi ya mbili kati ya hizo zingeishia kwenye korido ya chumba cha njiti.

Nusu mshahara wa zile wiki mbili na siku tatu sikuweza kumwokolea. Mkataba uko wazi, na cheti cha daktari, hata kikiandikwa vizuri namna gani, humtoa mtu kazini tu; hakiongezi siku ambazo hazimo kwenye mfuko wa ugonjwa. Alirudi kazini akiwa na wiki tatu na siku nne tu za ugonjwa zilizobaki mwaka huo, zote za nusu, na mtoto njiti ambaye kila mafua yalikuwa safari ya hospitali.

Niliomba mfumo uongezewe alama ya nne, "tatizo la ujauzito", isiyoingia kwenye hesabu ya maonyo. Fundi akasema nafasi ya nne haipo, ila anaweza kulibadilisha jina la mojawapo ya zile tatu. Mpaka leo naingiza "ugonjwa" na kuandika kwa kalamu pembeni ya daftari langu, na kila siku ya ishirini ya mama yeyote mjamzito naingia mwenyewe kuzuia ile barua isichapwe.